Lengo, mbinu, matokeo, tathmini: muhtasari wa jaribio la saikolojia ni nini?

Muhtasari wa jaribio ni maelezo mafupi ya utafiti mmoja yaliyopangwa chini ya vichwa vinne. Lengo linaeleza watafiti walitaka kujua nini. Mbinu inaeleza walifanyaje, matokeo walipata nini, na tathmini inapima tuwaamini kwa kiasi gani. Kwenye karatasi mambo haya ni mepesi. Ugumu huja mtu anapoandika, kwa sababu vichwa hivi huingiliana na kumezana. Nitaonyesha kwa utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer, uliochapishwa mwaka 1974 kutoka Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Karibu kila mwanafunzi wa saikolojia hukutana nao.

Tuanze na lengo. Wengi huandika "kuchunguza kumbukumbu za mashahidi", kisha wanasonga mbele. Hiyo ni mada, bado si lengo. Lengo linataja kitu ambacho watafiti watakibadilisha na kitu watakachokipima. Hapa linasomeka hivi: kujua kama kitenzi kinachotumika kumwuliza shahidi kuhusu ajali kinabadilisha kasi anayoikadiria. Ukiliandika hivyo, mbinu inaanza kujiandika yenyewe.

Washiriki wa jaribio la kwanza walikuwa wanafunzi 45. Walionyeshwa filamu 7 fupi za ajali za magari, kila moja ya kati ya sekunde 5 na 30. Baada ya kila filamu walieleza walichokiona, kisha wakajibu maswali kadhaa. Swali moja tu ndilo lililokuwa na uzito kwa watafiti: magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana? Kila kundi la watu tisa lilipewa swali hilo likiwa na kitenzi tofauti. Vitenzi vilikuwa vitano, kuanzia kizito chenye sauti ya kupondana hadi chepesi cha kugusana tu. (Kwa Kiswahili "kugongana" hubeba kazi ya vitenzi viwili au vitatu vya Kiingereza. Anayetaka kulirudia jaribio hili kwetu angelazimika kwanza kupima uzito wa maneno yetu wenyewe, asitafsiri tu.)

Ukieleza mbinu, msomaji aone kitu kimoja waziwazi: filamu zilikuwa zilezile kwa wote, maswali mengine yalikuwa yaleyale, na kilichotofautiana ni neno moja. Bila sentensi hiyo muhtasari unakuwa hadithi ya watu waliotazama filamu, na msomaji hawezi kujua kwa nini tofauti ya majibu ihesabiwe kuwa kazi ya neno.

Sasa matokeo. Walioulizwa kwa neno la kupondana walikadiria wastani wa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 65. Walioulizwa kwa neno la kawaida la kugonga walisema 34.0. Walioulizwa kwa neno la kugusana walisema 31.8, kama kilomita 51. Yamo matokeo mengine ambayo mihtasari mingi huyaacha, nami naona ni hasara. Filamu nne zilikuwa za ajali zilizopangwa, kwa hiyo kasi halisi ilijulikana. Filamu ambayo gari lilikwenda maili 20 kwa saa ilikadiriwa wastani wa 37.7. Filamu mbili ambazo gari lilikwenda maili 40 zilikadiriwa 39.7 na 36.1. Maana yake ni kwamba kasi yenyewe, waliyoiona kwa macho yao, haikuyasogeza makadirio kiasi kile ambacho neno liliyasogeza.

Hapo ndipo wengi huteleza, wakichanganya matokeo na hitimisho. "Makadirio yalipanda neno lilipokuwa zito" ni matokeo. "Neno lilibadilisha kumbukumbu" ni tafsiri yake, na jaribio la kwanza haliithibitishi. Inawezekana mshiriki hakuwa na hakika kama ni maili 30 au 40, na neno zito likamsukuma aseme 40. Katika hali hiyo kumbukumbu yake imebaki ilivyokuwa. Kilichoelemea upande mmoja ni jibu tu.

Loftus na Palmer waliliona shimo hilo wenyewe, ndiyo maana kuna jaribio la pili. Safari hii wanafunzi walikuwa 150, wote wakatazama filamu moja isiyofika dakika. Hamsini waliulizwa kasi kwa neno la kupondana, hamsini kwa neno la kugonga, na hamsini wa kundi la ulinganishi hawakuulizwa kasi kabisa. Baada ya wiki moja walirudi, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwapo. Kundi la kupondana, 16 walisema waliviona. Kundi la kugonga walikuwa 7, na kundi la ulinganishi 6. Kama neno lingeelemeza jibu la kasi peke yake, lisingekuwa na sababu ya kuleta vioo wiki moja baadaye. Kwa hiyo hoja ya kumbukumbu kubadilika inapata nguvu. Lakini usiandike kwamba "watu waliona vioo visivyokuwapo" kana kwamba ni wote: hata katika kundi la neno zito, 34 kati ya 50 walisema hawakuona.

Tathmini ndiyo hunisikitisha zaidi ninaposoma mihtasari. Sentensi kama "lilifanyika maabara, washiriki walikuwa wachache" inaweza kubandikwa kwenye utafiti wowote, na hivyo haisemi lolote kuhusu huu. Hoja ya tathmini iguse kiungo cha utafiti unaouzungumzia. Kwa mfano, washiriki wote walikuwa wanafunzi. Peke yake hilo ni lawama ya jumla. Liunganishe na kilichopimwa: walitakiwa kukadiria kasi ya magari, kazi ambayo mtu aliyeendesha gari miaka mingi huenda asiyumbishwe kirahisi na neno la muulizaji. Sasa msomaji anaona udhaifu huo unayagusaje matokeo, na upande gani.

Hoja ya pili ni filamu. Anayetazama ajali kwenye filamu hana hofu, na anajua hakuna mtu atakayefungwa kwa jibu lake. Hapa tunao utafiti wa kuulinganisha. Mwaka 1986 John Yuille na Judith Cutshall walichapisha habari za mashahidi wa tukio la kweli la kufyatuliana risasi mbele ya duka la bunduki nchini Kanada. Mashahidi 13 walikubali kuhojiwa tena miezi minne hadi mitano baadaye, wakaulizwa maswali ya kupotosha, kwa mfano kuhusu taa ya gari iliyovunjika ambayo haikuvunjika. Wengi hawakuyumba, na maelezo yao yalibaki sahihi kwa kiwango cha juu.

Mwandishi mwenye haraka ataandika hapo kwamba Yuille na Cutshall waliwaangusha Loftus na Palmer. Tazama mpangilio wa wakati kwanza. Wanafunzi wa Washington walikutana na neno zito mara tu baada ya kutazama, kabla kumbukumbu haijasemwa sana. Mashahidi wa Kanada walikuwa wamekwisha kuhojiwa na polisi mapema, na swali la kupotosha likawafikia baada ya miezi. Tena waliosimama karibu zaidi na tukio ndio waliopata mshtuko mkubwa zaidi, kwa hiyo huwezi kujua ni hofu iliyokaza kumbukumbu zao au ni kwamba waliona vizuri kuliko wengine.