Cheklisti ya templeti ya propozo ni nini hasa

Mara nyingi templeti ya propozo inakufikia kama picha tu, mtu kaipiga ubaoni idarani, karatasi imejikunja, akairusha kwenye grupu la wasapu. Sasa kutoa cheklisti humo si kunakili vichwa vya habari. Ni kuandika kila sehemu na vitu vitatu: jina lake, kinachotakiwa kiwemo, na mwisho peji ngapi.

Kazi kubwa iko hapo pa katikati. Tuseme templeti inasema "Tatizo la utafiti: eleza tatizo, ushahidi wake na pengo lililopo, isizidi ukurasa 1". Wengi wanaandika "tatizo la utafiti, peji 1" wanaweka tiki wanaendelea, halafu supavaiza anarudisha kazi anauliza pengo liko wapi. Ile sentensi moja ina tiki tatu: tatizo limetajwa? kuna namba au tafiti zinazoonyesha kwamba lipo kweli? nimesema wengine hawajagusa nini? Fuata vitenzi, kila "eleza", "onyesha", "toa sababu" ina tiki yake. Mbinu ndiyo inatoa tiki nyingi kuliko zote maana humo kuna eneo, sampuli na ulivyoipata, zana, uchambuzi, maadili, vyote vimebanwa kwenye aya moja.

Peji nazo zina mitego yake. Kwenye picha yenye ukungu 3 inafanana sana na 8, kwa hiyo jumlisha. Mfano unasoma utangulizi 8, tatizo 1, malengo na maswali 1, mapitio 5, mbinu 5, jumla 20, na juu pameandikwa propozo isizidi kurasa 15. Haiingii. Utangulizi ukiwa 3 inakaa sawasawa 15, basi ile ni 3, ila bado muulize mwenye karatasi maana hapo umekisia tu.

Na angalia chini kabisa ya picha, ndipo panapokatwagwa, na ndipo huwa kuna kamstari ka "bila kuhesabu marejeo na viambatisho". Hako kamstari kakikosekana utaanza kupunguza mapitio ili bajeti na ratiba zipate nafasi, kumbe zinaenda nyuma kwenye viambatisho. Kama hakaonekani usijaze kwa kuhisi, andika "haisomeki" kwenye cheklisti na uombe picha nyingine.

Fonti na nafasi ya mistari viandike juu kabisa, maana peji bila hivyo haina kipimo: A4 yenye Times New Roman 12 na nafasi 2 inabeba maneno kama 250 hadi 300 hivi, ukiweka nafasi 1.5 yanapanda hadi karibu 400. Kwa hiyo hilo tatizo la utafiti la peji 1, kwa nafasi 2, una aya kama tatu fupi tu, yaani kila tiki na aya yake.