Huyu kando ya mto ni mamba au kenge?

"Nimetumiwa picha ya mnyama amelala kwenye mchanga kando ya mto Rufiji, urefu wake kama mita moja na nusu. Nyumbani tumegawanyika, wengine wanasema mamba, wengine kenge. Nitamjuaje, na yupi wa kuogopa?"

Anza na shingo. Kenge ana shingo ndefu inayoonekana wazi, na kichwa chembamba kilichochongoka mbele. Mamba kichwa chake ni kizito na kimeungana na mabega, hata huoni shingo inaanzia wapi. Ukikosea hapa, mgongo utakusahihisha. Mgongo wa mamba una safu za mabamba magumu yenye matuta, na chini ya kila bamba kuna mfupa. Wa kenge umefunikwa na magamba madogo kama shanga, na ngozi yake hulegea na kujikunja shingoni na ubavuni.

Kisha fuata mkia. Mkia wa mamba umepangwa meno ya msumeno: karibu na kiuno safu ni mbili, halafu zinakutana na kuwa moja hadi nchani. Wa kenge ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa, umebanwa ubavuni kama mjeledi, na juu una ukingo mdogo tu.

Rangi isikudanganye, na hapo ndipo wengi hukosea. Kenge mdogo ana madoa ya manjano yanayong'aa, lakini akikua hufifia akawa wa kijivu. Mtoto wa mamba naye ana mistari myeusi juu ya rangi ya kijani iliyofifia. Wakishapakwa tope, wote wawili ni kahawia. Ndiyo maana kwa urefu wa mita moja na nusu ubishi hauishi: huo ni urefu wa kenge mkubwa, na pia wa mamba ambaye bado mchanga.

Picha ikiwa safi, ivute karibu uangalie mdomo. Mamba hana midomo ya kufunika meno, kwa hiyo hata akifumba kinywa meno yanaonekana, na jino la nne la taya la chini hukaa kwenye pengo la pembeni mwa taya la juu. Kenge akifumba, huoni jino. Akitoa ulimi wenye ncha mbili kama wa nyoka, ubishi umekwisha, kwani ulimi wa mamba umeshikamana na sakafu ya kinywa na hauwezi kutoka nje. Miguu ya nyuma nayo inasaidia: mamba ana vidole vinne, kenge vitano vyenye kucha ndefu.

Tuseme pembeni ya mnyama kuna ndoo yenye kimo cha sentimita 40, nao wako umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Kichwa chake, kuanzia ncha ya pua hadi nyuma ya fuvu, ni nusu ya ndoo, yaani sentimita 20. Urefu wa mamba ni karibu mara saba ya kichwa, hivyo huyu angekuwa na mita 1.4, na kipimo kinaingia. Kenge wa urefu huo angekuwa na kichwa kidogo zaidi. Bila kitu cha kulinganishia, usikadirie ukubwa: aliyepiga picha akiinama karibu, kenge hugeuka jitu.

Ukiona mwili mnene usio na mguu umejiviringa kwenye matete, huyo ni chatu. Hana sumu, hukaba. Mara chache humshambulia mtu, lakini mbuzi, mbwa na mtoto mdogo wasimkaribie.

Wa kuogopa hasa ni mamba. Aliyefikia mita tatu anaweza kumvuta mtu mzima majini, naye hushambulia kutoka majini, pale mtu anapoinama kuchota maji. Kenge humkimbia mtu; akibanwa pembeni ndipo huuma, hukwaruza na kuchapa kwa mkia. Jeraha lake lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mtu aende kituo cha afya kwa ajili ya pepopunda.

Lakini wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na kando ya mto maneno hayo ni kweli kabisa, kwa sababu kenge hula mayai ya mamba. Akionekana kwenye picha anachimbua mchanga, huenda amefika kwenye kiota, na mamba jike hulinda kiota chake kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mama huyo anaweza kuwa majini, hatua chache tu nje ya picha. Vivyo hivyo ukiona vitoto vya mamba vya sentimita 30: usishuke hapo kuvipiga picha nyingine.