Raba za mtumba: mpya zinazoponza na chafu zinazolipa

Dhana: Raba inayoonekana haijawahi kuvaliwa ndiyo ya kunyakua kwanza.

Hiyo ndiyo inayoponza kuliko zote. Raba nyingi zina tabaka la sponji ndani ya soli, na sponji ya poliyurethani huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi miaka yote hiyo. Joto na unyevu wa pwani kama hapa Mtwara huzidisha. Niliwahi kumuuzia kijana wa Mikindani raba nyeupe pee, haina hata mkunjo. Siku ya pili akaja nayo mkononi, soli inapukutika kama mkate uliokauka. Nilimrudishia hela yake yote, ilikuwa haki yake.

Tangu hapo sinunui kabla ya kubonyeza. Minya pembeni mwa soli kwa kidole gumba, kwa nguvu kabisa. Ikirudi upesi, nzuri. Ikinata kidoleni, ikibaki na shimo au ikionyesha nyufa nyembamba, iache hata ukipewa kwa buku. Kisha ikunje mbele, pale vidole vinapopinda, usikilize kama inalia. Soli ya mpira mtupu haina ugonjwa huu, ingawa nayo gundi yake huweza kuachia.

Dhana: Ya bei ya chini kwenye fungu ndiyo yenye faida.

Jiulize kwanza kwa nini imeshushwa bei. Ikiwa ni tope, kamba hazipo au soli ya ndani imetoka, hapo pana pesa, maana muuzaji mwenye haraka hasafishi. Nilichukua moja ya namna hiyo, namba 42, kwa shilingi 6,000. Kamba 1,000, fundi kushona pembeni 2,000, sabuni na mswaki 500. Jumla 9,500, ikauzwa 18,000 siku ya tatu.

Siku hiyohiyo nilichukua nyingine kwa 4,000, safi, nzima, ila namba 47. Ilidoda miezi miwili, nikaitoa kwa 7,000. Ukihesabu kwa kila pea utasema zote zimelipa, lakini ile 9,500 ingekuwa imezunguka mara kadhaa wakati 4,000 imelala juani. Kwa wanaume, 40 hadi 43 ndizo zinazoondoka.

Dhana: Kiatu kizuri kinauzika mwezi wowote.

Huku kwetu pesa ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa, raba za rangi napanda nazo Tandahimba na Newala, zinaisha. Mwishoni mwa Desemba nageukia viatu vyeusi vya ngozi vya shule. Januari shule zikikaribia kufunguliwa, mama mwenye watoto watatu hasimami hata kuitazama raba nyekundu.