Mkaguzi kubaki faragha na wajumbe

“Menejimenti ikitolewa nje, si kuna wizi umegunduliwa?”

Hapana. Kikao hicho cha mkaguzi na wajumbe wa kamati ya ukaguzi, bila menejimenti, huwa kwenye ajenda hata mwaka usio na hoja nzito ya ukaguzi. Muhtasari huandika waliotoka, waliobaki na kama kuna jambo la kufuatiliwa. Maneno yenyewe kwa kawaida hayanukuliwi.

Tuseme hoja ni daftari la fedha kutolinganishwa na taarifa za benki kwa miezi 3. Menejimenti inajibu: “Tumekubali, mhasibu mkuu atakamilisha ifikapo 30 Septemba.” Faraghani wajumbe humuuliza mkaguzi kama tarehe hiyo inawezekana, na kama alinyimwa nyaraka.

Mimi ningeshtushwa zaidi na muhtasari unaobadilisha Septemba kuwa Desemba bila kubakiza tarehe ya awali.