Mkazo wa mshipi kwenye gemu ya kijiji: dhana potofu na ukweli

Ninatengeneza gemu ya simu kuhusu kijiji cha wavuvi kinachofanana na Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga. Mchezaji analima, anapika, anatembelea majirani, na akitaka anashuka pwani kuvua kwa mshipi. Sehemu hiyo ya kuvua ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Sikukwama kwenye michoro. Nilikwama kwa sababu niliianza na mambo niliyodhani ni kanuni, na hadi leo nayasikia kwa wenzangu wanaotengeneza gemu tulivu za namna hii.

Dhana: Muda wa kuvuta ukiwa mfupi sana, msisimko unaongezeka

Katika toleo langu la kwanza samaki alimeza chambo bila dalili yoyote, na mchezaji alikuwa na milisekunde 350 za kugusa skrini. Nilimpa simu mjomba wangu, ambaye amevua kwa mshipi tangu ujana wake. Samaki wakampita mmoja baada ya mwingine.

"Mjomba," akaniambia, "samaki wako anameza na kutema kabla sijajua kama amekuja. Wa kwetu hubisha hodi kwanza."

Ukweli ni kwamba mtu aliye macho, anayesubiri ishara moja tu, huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250 kuona na kugusa. Simu nayo ina ucheleweshaji wake kati ya kidole na skrini, na kwenye simu ya bei ya chini unaweza kufika milisekunde 100. Kwa hiyo katika zile 350 sikuwa nimemwachia mchezaji chochote. Tena huyo si mtu aliye macho. Ni mtu aliyejilaza baada ya chakula cha jioni, anayezungumza na ndugu zake huku akicheza. Muda mfupi haumsisimui, unamlazimisha kukakamaa tu.

Nilichofanya ni kufuata maneno ya mjomba. Sasa samaki hudonoa mara 1 hadi 3, na kila anapodonoa boya linatikisika kidogo na simu inatetemeka kidogo. Kisha anameza: boya linazama lote, simu inatetemeka kwa nguvu, na mchezaji ana sekunde 1.2 za kuvuta. Kwa samaki wakubwa muda unashuka hadi sekunde 0.8, haushuki zaidi ya hapo. Akivuta wakati samaki bado anadonoa, anarudi na ndoana tupu. Gemu ya Animal Crossing nayo hutumia wazo hilo la kudonoa kabla ya kumeza. Msisimko unatoka kwenye kujizuia, na mtu aliyetulia anaweza kujizuia vizuri kabisa.

Usitegemee sauti peke yake kwa ishara hiyo. Vipokea sauti visivyo na waya huchelewesha sauti kiasi kwamba boya huwa limeshazama mchezaji anaposikia "chubwi!".

Dhana: Bila hofu ya mshipi kukatika, hakuna mkazo

Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Wengi huanza kwa kuiga Stardew Valley ya mwaka 2016, ambako unamfuata samaki anayepanda na kushuka kwa pau ya kijani, na ukimkosa muda mrefu anakwenda zake. Ni ubunifu mzuri, ila unadai macho na kidole kila sehemu ya sekunde. Mimi nilitaka kile anachokifanya mjomba: kuvuta, kulegeza, kuvuta tena.

Hesabu yangu ya sasa ni hii. Mkazo wa mshipi unaanzia 20, na 100 ni mstari mwekundu. Samaki yuko umbali wa mita 12. Ukibonyeza wakati ametulia, unamvuta mita 1.5 kwa sekunde, na mkazo unapanda 12 kwa sekunde. Ukibonyeza wakati anakimbia, hasogei hata kidogo, na mkazo unapanda 60 kwa sekunde. Ukiachia, mkazo unashuka 50 kwa sekunde, na kama anakimbia anajirudishia nusu mita kwa sekunde. Samaki aina ya changu hutulia sekunde 2.5, kisha hukimbia sekunde 1.2, na kurudia.

Tumfuate mchezaji wa kawaida anayechelewa sekunde 0.4 kuachia kila samaki anapokimbia. Baada ya utulivu wa kwanza mkazo ni 50 na samaki yuko mita 8.25. Anakimbia: mkazo unaruka hadi 74, mchezaji anaachia, unashuka hadi 34, na samaki amerudi hadi mita 8.65. Mzunguko wa pili kilele ni 88, wa tatu ni 102. Hapo mstari mwekundu umeguswa, moyo umedunda, lakini ameshaachia. Samaki sasa yuko chini ya mita 2, na sekunde 1.3 baadaye yumo kwenye kapu. Jumla ni kama sekunde 12 na nusu. Kila kilele kilikuwa juu ya kilichotangulia, na mchezaji hakuhitaji wepesi wowote wa ajabu.

Na anayeng'ang'ania bila kuachia? Anagusa 100 kwenye sekunde ya 3.3 hivi. Zamani mshipi ulikatika papo hapo, na watu walifunga gemu. Sasa akikaa juu ya 100 kwa sekunde 0.8, mshipi unateleza mkononi: samaki anapata mita 4 na mkazo unarudi 40. Kuzirudisha mita hizo kunataka karibu sekunde 2.7 za kuvuta, na hiyo ndiyo adhabu yote. Mshipi ukiteleza mara ya tatu, samaki anaondoka na chambo. Mkazo umebaki ule ule. Kilichopungua ni uchungu wa kupoteza.

Kuna kosa moja la kiufundi linaloharibu haya yote kimyakimya. Mwanzoni niliongeza mkazo kwa kiasi kile kile kila fremu. Kwenye kompyuta yangu, fremu 60 kwa sekunde, ulipanda nilivyotaka. Kwenye simu inayopata fremu 30 ulipanda nusu yake, na watu wakaniambia samaki wangu ni walegevu. Nilihangaika kubadili tabia za samaki, kumbe tatizo halikuwa lao. Dawa yake ni kuzidisha kwa muda uliopita tangu fremu ya nyuma. Katika Godot ni hivi:

```
func _process(delta):
    if kidole_chini:
        mkazo += kasi_ya_kupanda * delta
    else:
        mkazo -= 50.0 * delta
    mkazo = clamp(mkazo, 0.0, 110.0)
```

Namna ya kulitambua: shika saa, bonyeza samaki akiwa ametulia, pima mkazo unachukua muda gani kufika 50 kwenye simu mbili zenye nguvu tofauti. Muda ukitofautiana, usiguse namba nyingine yoyote kabla ya kurekebisha hapo.

Dhana: Samaki adimu aamuliwe na bahati tupu

Nilimpa chewa mkubwa nafasi ya asilimia 5 kwa kila samaki anayevuliwa. Inasikika kama mmoja kati ya ishirini, na mchezaji huielewa hivyo hivyo. Lakini bahati haina kumbukumbu. Baada ya samaki 20, mchezaji 1 kati ya 3 hivi bado hajamwona chewa, na baada ya 60 bado wapo wanaokaribia 5 kati ya 100. Hao huamini gemu imeharibika, na sina jibu la kuwapa.

Nikaacha kete, nikatumia mfuko. Ndani yake kuna vipande 20: vibua 8, changu 6, chaa 3, kolekole 2 na chewa 1. Mfuko unachanganywa, kila samaki anatolewa bila kurudishwa, ukiisha unajazwa upya. Mchezaji bado hajui chewa atatoka lini. Hata kwa bahati mbaya kabisa, akimpata mwanzoni mwa mfuko mmoja na mwishoni mwa unaofuata, katikati wamepita samaki 38 tu. Hifadhi hali ya mfuko pamoja na mchezo wenyewe, la sivyo mtu anayefunga na kufungua gemu kila siku atakuwa anaanza mfuko mpya daima, na umerudi kwenye kete.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na tasi pia. Mjomba alimkataa mara moja. Tasi hula majani ya baharini, akasema, na njia ya kumpata ni dema. Nilimtoa, na dema likanipa kitu ambacho sikuwa nimekipanga: unalitega mwambani maji yakipwa, unaondoka, kesho unalifungua ukute kilichoingia. Halina mkazo, halina muda wa kugusa. Mwenye vidole vinavyotetemeka, au asiyetaka kabisa kushindana na samaki, naye sasa anakula tasi.

Dhana: Zawadi kubwa ni pesa nyingi

Kumngoja samaki na kumvuta huchukua kama sekunde 20, na siku ya gemu yangu ni dakika 12. Anayeshinda pwani anapata samaki 36 kwa siku. Nilipompangia chewa bei ya gunia la mahindi, mashamba yote yakageuka vichaka. Sasa kwenye mnada wa ufukweni, baada ya samaki wa tano wa aina moja kwa siku, bei ya kila anayefuata inashuka kwa asilimia 10. Inatosha kumfanya mtu apeleke changu wawili kwa bibi jirani, ambaye hurudisha sahani ikiwa na mchuzi wa nazi, na mchuzi huo hauuzwi popote.

Wengi wamenishauri nimweke silikanti juu ya orodha, kwa kuwa ni wa kwetu Tanga na ni adimu kweli. Sitamweka kwenye mfuko. Anaishi kwenye vilindi, mshipi wa mtoto wa ufukweni haumfikii. Waliopatikana huku walinaswa kwa bahati mbaya kwenye majarife, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009 ili asivuliwe. Kwenye gemu yupo kama hadithi ya mzee mmoja wa ngalawa, na mzee huyo huisimulia usiku wa maji mafu, wakati samaki hawali na hakuna anayevua.