Kubonyeza namba ya kadi kwenye simu: wanachodhani watu na kinachotokea

Umepiga simu kulipa bili. Mhudumu anakwambia, "Sasa bonyeza namba za kadi kwenye simu yako, usikate, niko nawe." Unabonyeza, na yeye bado yuko hewani. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

Dhana: Mhudumu anasikia milio, ila hawezi kujua ni namba gani

Kuhusu sikio, ni kweli. Lakini usalama hautegemei sikio. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja: mmoja wa mstari wake wa mlalo, mwingine wa safu yake ya wima. Ukibonyeza 5, mlio mmoja hutetema mara 770 kwa sekunde na mwingine mara 1336. Ukihamia 6, ule wa 770 unabaki palepale, wa pili unapanda hadi 1477. Masikioni ni pii-pii tu, lakini programu ndogo ya kompyuta ikipewa rekodi ya simu hiyo itaisoma kadi yako yote, tarakimu kwa tarakimu. Milio ikifika kwa mhudumu na kurekodiwa, ni sawa na kuitaja namba kwa mdomo.

Ukweli: Milio inaondolewa njiani kabla ya kumfikia mhudumu

Kati yako na mhudumu huwekwa mtambo ambao simu yote hupitia. Muda wa kulipa ukifika, mhudumu anabonyeza kitufe kwenye skrini yake, na mtambo unaanza kuvizia milio. Sauti yako inapita kama kawaida, ndiyo maana mnaweza kuendelea kuongea. Mlio wa kitufe ukitokea, mtambo unaunasa, unautambua, kisha unampelekea mhudumu mlio mmoja usiobadilika, uwe umebonyeza 1 au 9. Kwenye skrini yake inaongezeka nyota moja. Tarakimu yenyewe inakwenda kwenye mfumo wa malipo kwa njia nyingine kabisa.

Tuchukue namba 4111 1111 1111 1111, ambayo waundaji wa programu huitumia kwa majaribio. Mhudumu anaona nyota zikifika 16. Mtambo unafanya hesabu: kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili inazidishwa mara mbili (ikizidi 9, inapunguzwa 9), kisha zote zinajumlishwa. Hapa jumla ni 30, inagawanyika kwa 10, basi namba inakubalika. Kidole kikiteleza mwishoni ukabonyeza 2, jumla inakuwa 31, na mhudumu anaambiwa kuna kosa. Anakuomba urudie bila kujua ulikosea wapi. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa njia hii: anakusaidia huku haoni kitu.

Dhana: Kama skrini inaonyesha nyota, kazi imekwisha

Nyota ni za macho tu. Mtambo unahitaji sehemu ndogo ya sekunde kuhakikisha kwamba uliosikika ni mlio wa kitufe, si sauti ya mtu. Usiposanidiwa vizuri, kipande hicho cha mwanzo kinapenya kabla mlango haujafungwa. Dalili yake ni mkwaruzo mfupi kabla ya kila mlio wa bandia, na mikwaruzo hiyo haifanani. Fundi makini hatosheki kusikiliza: anabonyeza namba ya majaribio, anachukua rekodi, anaipitisha kwenye programu ya kusoma milio. Ikitoka hata tarakimu chache, kuna uvujaji. Dawa yake ya kawaida ni kuchelewesha sauti kidogo ili mtambo uamue kwanza.

Dhana: Kusimamisha kurekodi ni kitu kilekile

Sivyo. Hapo rekodi inakatwa wakati unataja namba, lakini mhudumu anaisikia na anaweza kuiandika. Kinachoepukwa ni kuhifadhi tu, kwa sababu kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa taarifa za kadi za malipo, zinakataza mfanyabiashara kubaki na tarakimu za usalama za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimefichwa kwa msimbo. Na mhudumu akisahau kusimamisha, zimeshaingia.

Dhana: Nikiombwa kubonyeza, basi ninayeongea naye ni halali

Tapeli naye ana uwezo wa kupokea milio. Kubonyeza kunamficha mhudumu namba. Hakumthibitishi aliyeko upande wa pili. Wakikupigia wao, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye bili yako.

Halafu kuna wateja wanaobonyeza huku wanataja kwa sauti: "Nne, moja, moja..." Mtambo unanasa milio, hauzuii maneno. Mhudumu aliyefunzwa humkatiza mteja mara moja, na kilichokwisha kutamkwa kinabaki kwenye rekodi mpaka mtu aitafute na kukifuta.