Mchambuzi asiye na wa kumwamuru: dhana potofu na ukweli

Nimefanya kazi ya uchambuzi na uratibu wa ripoti kwa miaka kadhaa bila kuwa na mtu hata mmoja chini yangu. Ripoti yangu ya kila mwezi ilitegemea idara tatu, na hakuna hata moja iliyowajibika kwangu. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kutokana na suala moja lililotusumbua karibu miezi minne, nalo ni idadi ya wateja hai. Mauzo walisema ni 4,120. Fedha walisema 3,460. Huduma kwa Wateja walisema 2,890. Kila mwezi uongozi uliuliza ipi ndiyo ya kweli, na kila mwezi kikao kiliisha kwa ubishi.

Dhana: Bila cheo huna nguvu. Kazi yako ni kukumbusha, na wakikaidi unamwekea bosi nakala.

Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven walitaja misingi mitano ya nguvu aliyonayo mtu juu ya mwenzake: cheo, uwezo wa kutuza, uwezo wa kuadhibu, utaalamu, na heshima inayowafanya watu watake kuwa upande wako. Mitatu ya kwanza mara nyingi huja pamoja na madaraka. Miwili ya mwisho haingoji barua ya uteuzi, na mchambuzi huwa nayo kuliko anavyodhani.

Kumwekea bosi nakala ni kuazima adhabu ya mtu mwingine. Niliwahi kufanya hivyo kwa idara ya Fedha, na takwimu zikanifikia siku ileile. Lakini kuanzia mwezi uliofuata yule mhasibu aliyezoea kunipigia simu na kuniambia "angalia, mstari huu una malipo yaliyoingizwa mara mbili" alinyamaza. Faili lilikuja kwa wakati, bila neno. Makosa nikayagundua mbele ya wakurugenzi. Nilikuwa nimepata faili na kupoteza macho ya mtu aliyelijua kuliko mimi.

Dhana: Takwimu zikiwa sahihi zinajitetea zenyewe.

Hii ndiyo iliyonikwamisha zaidi. Niliandaa maelezo marefu kuonyesha kwamba hesabu ya Fedha ndiyo bora. Hoja zilikuwa sawa, ila hakuna aliyeyumba.

Ukweli ni kwamba idadi inayong'ang'aniwa na idara huwa inalinda kitu. Nilipoacha kubishana na kuanza kuuliza, nilitumia swali moja tu: "Namba hii ikibadilika, kazi yako inaguswa wapi?" Mkuu wa Mauzo alinijibu bila kuzunguka: "Ndugu yangu, bonasi ya vijana wangu inahesabiwa kwa mikataba iliyosainiwa. Ukiishusha hiyo namba unagusa riziki yao." Fedha walihesabu waliolipa ndani ya siku 90, kwa sababu hao ndio wanaoweza kuwathibitisha mbele ya mkaguzi. Huduma walihesabu waliotumia huduma ndani ya siku 30, kwa kuwa hao ndio wanaopiga simu, na idadi yao ndiyo inayopanga zamu za wahudumu. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Neno moja lilikuwa limebebeshwa maana tatu.

Basi sikuchagua mshindi. Nilizipa namba hizo majina matatu: mteja aliyesaini, mteja anayelipa, mteja anayetumia. Kisha nikatengeneza jedwali dogo la kuonyesha mtu anavyotoka namba moja kwenda nyingine. Katika 4,120 waliosaini, 410 walikuwa bado hawajaunganishwa wala kulipa chochote, na 250 walikuwa wamepitisha siku 90 bila kulipa na huduma yao ilishakatwa. Wanabaki 3,460. Kati ya hao, 570 walikuwa wanalipa lakini hawajatumia huduma kwa siku 30. Wanabaki 2,890. Idara zote tatu zilijiona ndani ya jedwali moja, na bonasi ya Mauzo haikuguswa.

Wale 570 ndio walionipa sauti. Mtu anayelipia kitu asichokitumia yuko karibu kuondoka. Mauzo walitaka orodha yao ili wawatembelee, na Huduma waliitaka ili wajue kilichowashinda. Ghafla watu walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuniletea takwimu mapema: wakichelewa, orodha yao nayo inachelewa. Mambo mengi yanayoitwa ushawishi, ukiyatazama kwa karibu, ni hayo tu: mwenzako anapata kitu anachokihitaji kutokana na kazi unayomwomba aifanye.

Dhana: Mahali pa kushawishi ni kikaoni.

Kikaoni mtu analinda heshima ya idara yake mbele ya wenzake. Ni vigumu abadili msimamo hapo. Wajapani wana neno nemawashi, ambalo asili yake ni kuandaa mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha, na ofisini lina maana ya kuzungumza na kila mhusika peke yake kabla ya uamuzi. Mimi nilikutana na kila mkuu wa idara peke yake kwa dakika 20, nikiwa na karatasi moja, na rasimu ikiandikwa RASIMU kwa herufi kubwa. Niliacha nafasi wazi za kusahihisha. Mkuu wa Huduma alibadilisha maelezo ya safu yake kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kikao ndiye aliyeyaeleza. Mimi nilizungumza kidogo sana.

Tahadhari moja: usimwambie huyu kwamba yule ameshakubali kama hajakubali. Watalinganisha maneno, nawe hutaaminika tena.

Ukimya kikaoni nao usiuchukue kuwa ndiyo. Kipimo changu ni cha kawaida kabisa: baada ya wiki tatu, je, lile jedwali la zamani la idara bado linajazwa kando? Kwa Fedha lilikuwa bado linajazwa. Nilipouliza kwa upole, nikajua kwamba jedwali langu halikuwa na tarehe ya mwisho ya malipo, nao waliihitaji kila Ijumaa. Niliongeza safu hiyo, na la zamani likaachwa.

Dhana: Kupeleka suala juu ni kukiri kuwa umeshindwa.

Kuna mambo ambayo ushawishi hauyafikii. Uongozi ulipotaka namba moja tu ya kuweka kwenye ukurasa wa kwanza, Mauzo na Fedha hawakuafikiana, na haikuwa kazi yangu kuwalazimisha, maana malengo yao yaliwekwa na uongozi huohuo. Anayeweka malengo yanayogongana ndiye mwenye kuamua.

Linalobaki kwa mratibu ni namna ya kulipeleka. Niliandika ukurasa mmoja: swali ni lipi, chaguo mbili, kila moja inamgharimu nani nini, na uamuzi unahitajika kabla ya tarehe gani. Pande zote mbili zilisoma kabla sijatuma, na kila upande ukathibitisha kwamba hoja yake imeandikwa kama inavyoisema. Jibu lilirudi siku ya pili: mteja anayelipa, kwa ukurasa wa kwanza, mengine mawili yabaki ndani ya ripoti. Mauzo hawakulipenda, lakini hawakushtukizwa, na jioni hiyo mkuu wao alinipigia kuuliza orodha ya mwezi huo ya wanaolipa bila kutumia itakuwa tayari lini.